Bwami ya Warega: ni dini ao si dini?

Katika somo la kwanza la mambo ya dini, mwalimu wa iniversite anauliza: dini ni nini? Wanafunzi wengi wanajibu mbio: ni kumuamini Mungu. Jibu hilo linafaa kwa kanisa na msikiti, lakini linakwama likifika Mwenga, Shabunda ao Pangi, kwa Warega wenye Bwami.

Bwami ni chama cha mafundisho. Mtu anapanda ngazi kwa ngazi mpaka ile ya juu inayoitwa kindi, na ndugu zake wanamsaidia kukusanya malipo na chakula cha sherehe. Wanawake vilevile wako na ngazi zao. Wanafundishwa kwa methali, michezo ya ngoma, vinyago na sanamu ndogo za pembe ya tembo. Kinachofundishwa ni mwenendo mwema.

Mwingereza Edward Tylor aliandika mwaka 1871 kwamba dini ni kuamini viumbe vya kiroho. Maana hiyo ni nyembamba, lakini mpaka wake uko wazi. Warega wanamjua Muumba na wanaheshimu wazee waliokufa. Hayo yanaingia bila shida. Lakini mtafiti Mbeleji Daniel Biebuyck, aliyeishi nao miaka ya 1950, alionyesha kwamba kuabudu mizimu si kiini cha sherehe za Bwami. Basi kwa kipimo cha Tylor, Bwami inabaki inje.

Mfaransa Émile Durkheim alitoa maana pana mwaka 1912: dini ni imani na desturi juu ya vitu vitakatifu, yaani vilivyotengwa na kukatazwa, zinazounganisha watu katika jamaa moja ya maadili. Tupime. Vitu vilivyotengwa? Viko: sanamu hazionyeshwi kwa mtu asiyeingizwa. Jamaa ya maadili? Ndiyo, Bwami inaunganisha koo mbalimbali. Kumbe sasa Bwami imeingia!

Shida ni kwamba mlango huo ukifunguka, wengine nao wanaingia. Bendera ya taifa inaheshimiwa na haikanyagwi. Mashabiki wa TP Mazembe wako na rangi zao na nyimbo zao. Hao nao ni dini? Wavu mpana unavua hata majani.

Haya si maneno ya darasani tu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabeleji ilipiga Bwami marufuku. Leo Katiba ya 2006, katika kifungu cha 22, inalinda uhuru wa dini, lakini haisemi dini ni nini. Njo maana jina linakuwa na uzito: kitu kikiitwa dini kinapata ulinzi huo; kikiitwa chama cha siri, ni rahisi kukikataza.

Basi mtu akisema «hiyo si dini», aulizwe kwanza anatumia kipimo gani, na kipimo hichohicho akiweke pia juu ya dini yake mwenyewe.