Kufuta Apu Hakurudishi Ofa

Nimeulizwa tena juzi: "Kaka, nikiifuta apu ya usafiri nikaipakua upya, ofa yangu itarudi?" Hairudi. Salio halikai kwenye simu. Limeandikwa kwenye seva ya kampuni, na simu inalisoma tu. Ukiifuta apu, daftari lao halijaguswa. Kitakachobadilika ni kwamba kama simu ilikuwa bado inaonyesha salio la jana, sasa utaliona la leo, na mara nyingi ni dogo zaidi.

Wanaoshauri kusajili laini mpya ili upate ofa ya mgeni wanakuponza. Mifumo hii huitambua simu ileile na namba ileile ya malipo. Akaunti zote mbili zikifungwa, fedha uliyoweka mwenyewe inakwama humo.

Kinachowachanganya watu ni jumla wanayoiona kwenye skrini. Dada aliyeniuliza alikuwa na 10,000 siku ya Ijumaa. Kati ya hizo, 4,000 alizituma mwenyewe kwa simu. Zile 6,000 zilikuwa ofa: safari tatu, kila moja ikipunguziwa nusu ya nauli, isizidi 2,000, mwisho Jumapili. Jumamosi akapanda bajaji kwa 3,000. Ofa ikalipa nusu, yaani 1,500, na nyingine 1,500 zikatoka kwenye fedha yake. Zile 500 zilizobaki kwenye safari ya kwanza hazikuhamia safari ya pili, zilikufa palepale. Jumapili usiku safari mbili ambazo hakuzitumia, zenye 4,000, zikaisha muda. Jumatatu alitegemea kukuta 7,000, akakuta 2,500, akaamini dereva amemwibia.

Dereva hawezi hata kuifikia pochi ya abiria. Toa 1,500 kwenye 4,000 zake, zinabaki 2,500 kamili. Zile 4,500 anazozililia hazikuwahi kuwa fedha: zilikuwa ahadi ya punguzo yenye masharti na tarehe. Ndiyo maana huwezi kuzitoa wala kumtumia mtu. Kampuni ndizo za kulaumiwa kwa kuzijumlisha na fedha halisi katika tarakimu moja, na hilo nalisema bila kuwaonea.

Basi fanya hivi. Bonyeza salio, uone fedha ni ngapi na ofa ni ngapi. Soma masharti: aina ya chombo, mji, njia ya malipo, kiwango cha juu, na kama muda unahesabiwa unapoita au unapofika. Piga picha skrini siku unayopokea ofa. Angalia kama unadaiwa faini ya safari uliyoghairi, maana nayo hukatwa. Ofa ikiondoka kabla ya tarehe yake, andika malalamiko ndani ya apu, ukiambatisha picha hiyo na risiti ya safari. Ofa iliyoisha muda hawalazimiki kuirudisha. Ikipungua fedha uliyoweka mwenyewe bila safari wala faini, hiyo ni mali yako: idai mpaka irudi.