Kinyozi wa Tunduma na uniti ya Sh 30,000

Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde ikirefuka, saluni za kiume za Tunduma hupata wateja mpaka usiku wa manane. Madereva wanaolala barabarani hunyoa, huoga na kuchaji simu. Ndiyo maana umeme ukikatika saa 12 jioni, mlio wa jenereta husikika mlangoni kabla giza halijaingia. Swali la biashara ni je, mlio huo unalipa?

Tuchukue saluni ya viti viwili. Mashine mbili za kunyolea, taa mbili, redio na chaja za simu, vyote kwa pamoja havizidi wati 60. Mwenye saluni ana jenereta ndogo ya wati 650, ile ya kuvuta kamba inayochanganyiwa oili kwenye petroli, na umeme unarudi saa 6 usiku.

Kwa mzigo mdogo hivyo, jenereta ya aina hii hunywa takriban nusu lita kwa saa. Saa sita ni lita tatu. EWURA hutangaza bei kikomo za kila mji kila mwezi, na Tunduma, iliyo zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hubeba gharama ya safari hiyo. Kwa urahisi wa hesabu tuweke Sh 3,000 kwa lita: petroli ni Sh 9,000. Oili ni mililita 20 kwa kila lita, jumla mililita 60, kama Sh 600. Jenereta ya Sh 200,000 ikidumu saa 1,000, kila saa inakula Sh 200 ya thamani yake, yaani Sh 1,200 kwa usiku mmoja. Jumla ni Sh 10,800.

Sasa angalia alichopata. Wati 60 kwa saa sita ni uniti 0.36. Kwa LUKU, uniti ikihesabiwa Sh 360 hivi, angelipa kama Sh 130. Kwa jenereta amenunua uniti moja kwa Sh 30,000. Akinyoa kwa Sh 2,000, vichwa vitano vya kwanza na zaidi kidogo ni vya jenereta, si vyake.

Sababu iko ndani ya injini. Sehemu kubwa ya petroli inatumika kuizungusha tu kwa kasi yake ile ile, uwe umewasha taa moja au kumi. Mwenye jenereta anaweza kujipimia: ajaze tangi mpaka juu, awashe saa mbili kwa mzigo wake wa kawaida, kisha ajaze tena kwa chupa ya soda ya lita moja na aone kilichoingia. Ikizidi lita moja kwa kiasi kikubwa, kabureta au plagi inahitaji fundi. Plagi nyeusi yenye unyevu na moshi mzito ni dalili ya oili kuzidi. Oili ikipungua sana, pistoni hukwama na hapo gharama ni ya injini nzima.

Mshumaa ni rahisi kununua, lakini si rahisi kwa mwanga unaotoa. Miwili kwa saa sita, kila mmoja ukidumu saa nne, ni mishumaa mitatu. Kwa Sh 500 kila mmoja ni Sh 1,500. Taa ya kuchaji ya wati tatu inatoa mwanga wa mishumaa zaidi ya 20. Kunyoa ndevu kwa mshumaa hakuwezekani, na moto karibu na spiriti na nywele ni hatari.

Taa mbili za kuchaji za Sh 20,000 kila moja, zikidumu mizunguko 400, zinagharimu Sh 100 kwa usiku, na umeme wa kuzichaji haufiki Sh 20. Ongeza mashine mbili za kunyolea za kuchaji za Sh 50,000 kila moja: Sh 250 zaidi. Usiku mzima haufiki Sh 400.

Kikomo cha vifaa vya kuchaji ni muda. Taa nyingi huchukua saa nne hadi nane kujaa, kwa hiyo kuwasha jenereta saa moja ili kuzichaji hakusaidii sana. Zichajiwe umeme ukiwepo, hata kama hakuna tangazo la kukatika. Mashine za kuchaji nazo hudumu saa moja au mbili za kunyoa mfululizo, basi mbili zinapokezana. Taa inayofifia baada ya nusu saa imechoka betri; betri iliyovimba iondolewe mara moja.

Jenereta inabaki na kazi pale mzigo wenyewe ni mkubwa na unaingiza pesa: draya ya saluni ya kike, mashine ya kuchomelea, friji iliyojaa samaki. Hizo zinahitaji jenereta kubwa kuliko wati 650; hata friji ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Na iwe nje, mbali na mlango, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Kwa kinyozi wa wati 60, gharama ya jenereta ya usiku 13 tu inanunua taa mbili na mashine mbili za kuchaji.