Tangazo Lako Bado Linasema Learning? Usiliguse Kwanza

Tuseme unauza maembe Kulesa. Ngowe zimeanza kubadilika rangi shambani, dalali ameshapita na bei yake ile ile ya kukuumiza, na wewe umeamua mwaka huu utawatafuta wateja mwenyewe kule Malindi, Watamu na Mombasa. Umeweka tangazo la Facebook lenye kitufe cha kumpeleka mteja WhatsApp kwako, bajeti Ksh 400 kwa siku, pesa umelipa kwa simu. Siku ya tatu jioni unafungua Ads Manager na kukuta Ksh 1,200 zimeenda na watu 12 tu ndio wameandika. Kila ujumbe mmoja umekugharimu Ksh 100! Kidole kinawasha. Ubadilishe picha? Uondoe Mombasa? Upunguze bajeti?

Hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa. Na tukubali tu, sisi wenyewe tulishafanya hivyo na tangazo letu moja: picha tatu ndani ya siku tano, halafu tukabaki tukijiuliza mbona halikai sawa.

Angalia safu iliyoandikwa Delivery kwenye hiyo Ads Manager. Kama hapo pameandikwa Learning, maana yake mfumo bado unajifunza. Unajifunza nini? Kila mtu anapofungua Facebook, kunafanyika mnada mdogo wa haraka sana kuamua tangazo la nani litaonekana mbele yake. Wewe huko mnadani hauko, mfumo ndio unakunadia. Na mshindi si lazima awe mwenye pesa nyingi. Mfumo unaangalia bei unayonadi, unaangalia ubora wa tangazo lenyewe, na unakadiria uwezekano wa mtu huyu hasa kufanya kile unachotaka, yaani kukuandikia WhatsApp.

Hicho cha mwisho ndicho usichoweza kukijua siku ya kwanza. Mfumo haujui kama anayeitaka kreti yako ya Ngowe ni mama wa hoteli ndogo Watamu anayeshika simu saa mbili usiku, au kijana wa duka la juisi Mombasa anayeingia asubuhi na mapema. Kwa hiyo unajaribu huku na kule. Baadhi ya watu wanapita tu, baadhi wanaandika, na kila anayeandika anaupa mfumo picha kidogo ya mteja wako. Zile siku za mwanzo ni ghali kwa sababu unalipia majaribio hayo.

Meta, kampuni yenye Facebook, inaeleza kwamba seti moja ya matangazo kwa kawaida huhitaji matokeo 50 hivi ndani ya siku 7 ili itoke Learning na gharama zitulie. Matokeo hapa ni lile jambo uliloliomba wakati wa kutengeneza tangazo. Kama uliomba mazungumzo, basi ni mazungumzo 50.

Sasa turudi kwenye zile Ksh 1,200. Hizi hesabu ni za mfano, zako zitakuwa tofauti, lakini mwendo wake ndio huo. Siku ya kwanza wameandika 3, ya pili 5, ya tatu 4. Tuseme umejizuia hukugusa kitu. Siku ya nne wanaandika 8, ya tano 9, ya sita 12, ya saba 11. Jumla ni watu 52 kwa Ksh 2,800, na tangazo limetoka Learning. Zile siku nne za mwisho peke yake zimekula Ksh 1,600 na kuleta watu 40, yaani Ksh 40 kwa kila mmoja. Mambo yakikaa hivyo, ukifika siku ya tisa umeandikiwa na watu 72 hivi kwa Ksh 3,600.

Upande wa pili, tuseme ile siku ya tatu ulibadilisha picha, na ya sita ukabadilisha miji. Kila mara umerudi kwenye zile siku tatu ghali za mwanzo. Siku tisa, pesa ile ile Ksh 3,600, watu 36. Hukuibiwa na mtu. Umelipia somo lile lile mara tatu, na kila mara umeondoka darasani kabla halijaisha.

Kwa nini mabadiliko yanarudisha kila kitu nyuma? Kwa sababu makadirio yale yalikuwa ya mchanganyiko fulani: picha hii, kwa watu hawa, kwa lengo hili. Watu waliovutiwa na picha ya kreti zimepangwa kando ya barabara Garsen si lazima ndio watakaovutiwa na picha ya embe lililokatwa kwenye sahani. Ukibadilisha kipande kimoja, mfumo hauwezi tena kuamini ulichojua jana, na zile siku 7 na matokeo 50 zinaanza kuhesabiwa upya kuanzia badiliko hilo kubwa la mwisho. Wale 12 walioandika mwanzo bado ni wateja wako, wajibu wote, lakini kwenye ile hesabu hawamo tena.

Mabadiliko makubwa ni haya: kubadilisha walengwa, kubadilisha picha au maneno ya tangazo, kubadilisha lengo, kubadilisha mbinu ya kunadi, na hata kuongeza tangazo jipya ndani ya seti ile ile. Hili la mwisho linawashangaza wengi, maana unaona kama umeongeza tu, hujaharibu. Kusimamisha seti kwa siku 7 au zaidi pia kunahesabiwa, ukiiwasha tena inaanza upya.

Bajeti inategemea ukubwa wa badiliko. Mfano wanaoutoa Meta wenyewe ni kwamba kutoka dola 100 kwenda 101 si shida, lakini kutoka 100 kwenda 1,000 kunaweza kukurudisha Learning. Watu wanaofanya kazi hii kila siku wana mazoea ya kutopandisha zaidi ya asilimia 20 hivi kwa mara moja. Hiyo si sheria ya Meta, ni tahadhari tu. Kwa Ksh 400 zako, maana yake uende 480 na usiruke hadi 1,000 kwa sababu jana ilikuwa siku nzuri.

Kuna kitu kimoja cha kukagua kabla hata hujaanza kungoja, nacho ni kama hizo 50 zinafikika kweli. Chukua bajeti ya wiki, gawanya kwa gharama unayotarajia ya tokeo moja. Ksh 2,800 gawanya kwa 54 ni kama 52, sawa, unapita kwa shida shida. Lakini ukichagua lengo la ununuzi, na wewe unauza kreti mbili kwa siku kupitia tangazo, wiki ina 14 tu. Mfumo utakuandikia Learning limited, yaani hauoni dalili ya kupata matokeo ya kutosha. Hapo kungoja hakusaidii, hata ungoje mwezi. Rudi kwenye lengo lililo karibu zaidi na mteja, kama mazungumzo, au panua eneo. Tangazo la kulenga Garsen peke yake litakosa watu haraka, na hata hivyo Garsen nani anunue embe lako kwa bei ya Mombasa? Na usiigawe Ksh 400 kwenye seti tatu, ukaona umejipanga. Kila seti inajifunza peke yake, na kila moja itabaki na njaa.

Kuna nyakati za kugusa, tena mara moja. Namba ya simu imekosewa. Bei imeandikwa vibaya. Umelenga mji ambao gari lako halifiki. Pesa zinaenda, watu wanabonyeza, lakini hakuna ujumbe hata mmoja unaoingia, basi kuna kitu kimeharibika kwenye kile kitufe. Jaribu kubonyeza mwenyewe kwa simu nyingine uone kinakupeleka wapi. Pia kama hakuna hata shilingi iliyotumika, angalia kama bado pameandikwa In review, maana hapo tangazo halijaanza kabisa. Kosa likiwepo, rekebisha yote kwa mkupuo mmoja, ili uanze upya mara moja tu badala ya kuanza mara nne.

Kwa wanaolipa kwa simu kuna mtego mwingine ambao hausemwi sana. Ukiweka pesa kidogo kidogo, mia nne leo, mia tano keshokutwa, salio linaisha katikati na tangazo linasimama. Siku mbili za kusimama si lazima zikurudishe mwanzo, lakini ni siku mbili ambazo hazileti tokeo lolote, na dirisha la siku 7 linaendelea kusonga. Afadhali uweke ya wiki nzima kabla ya kuwasha. Kumbuka VAT ya Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo matangazo ya Ksh 2,800 yanaweza kukutoa Ksh 3,248. Kama hiyo pesa ya wiki nzima huna kwa sasa, ni heri uchelewe kuanza kuliko kuanza na ya siku mbili.

Wenye matangazo ya Google wataliona neno hilo hilo Learning kwenye hali ya mbinu yao ya kunadi, na sababu zinafanana. Huko pia mabadiliko ya mipangilio yanauamsha mfumo kujifunza tena.

Wakati unangoja, kazi ipo, ila iko nje ya tangazo. Jibu ujumbe haraka. Weka bei na picha za kreti kwenye katalogi ya WhatsApp. Andika kwenye daftari kila aliyeuliza anatoka wapi na kama alilipa kwenye tili, maana watu 52 walioandika wakanunua 3 ni habari tofauti kabisa na watu 36 wakanunua 15. Ads Manager haiioni hiyo tili yako, wewe ndiye unayeiona. Ikipita wiki na mauzo ni duni ingawa ujumbe ni rahisi, hapo una sababu ya kweli ya kubadilisha kitu.

Tunajua mtatuambia, embe halingoji. Kweli. Likishaiva lina siku chache tu, na mfumo unataka wiki nzima. Kwa hiyo wiki hiyo itafute kabla ya kuchuma. Msimu mkubwa wa maembe ya Pwani huangukia kati ya Novemba na Februari hivi, na mwenye shamba huona wiki mbili kabla kwamba mzigo unakuja. Washa tangazo wakati huo, embe likiwa bado mtini, na uchukue oda: mteja achague kreti ngapi, alipe kiasi kidogo kwenye tili, umpe tarehe ya gari. Ile wiki ghali ya kujifunza ipite wakati huna mzigo unaooza. Siku ya kwanza ya kuchuma, tangazo liko kwenye siku zake za Ksh 40. Na ukilizima msimu ukiisha, andika kwenye lile daftari ni picha gani na miji gani ilifanya kazi, kwa sababu mwakani ukiliwasha litaanza na Learning tena, na wewe angalau hutaanza kwa kubahatisha.