Mambo Matano ya Kuhakiki Kabla ya Kusaini Mkataba wa Mkopo

Mkataba wa mkopo huweza kuwa na kurasa nyingi, lakini mambo yanayoamua gharama yake ni machache. Mwananchi anayekopa anashauriwa kuyaandika pembeni na kumwomba ofisa mikopo ayajibu kwa kuonesha kifungu husika.

1. Fedha zitakazopokelewa mkononi. Mkopo wa shilingi 1,000,000 wenye ada ya maombi ya 20,000 na bima ya 10,000, zikikatwa mwanzoni, humfikishia mkopaji shilingi 970,000. Hata hivyo, riba hutozwa kwenye milioni nzima.

2. Namna riba inavyokokotolewa. Riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa mkopo huo wa miezi 12, ina sura mbili. Ikikokotolewa kwenye mkopo wa awali hadi mwisho, ni shilingi 30,000 kila mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, kwa marejesho ya takribani 100,460 kila mwezi, riba yote ni kama 205,500. Asilimia ni ileile, lakini tofauti inazidi shilingi 150,000.

3. Jumla ya marejesho. Mkopaji azidishe rejesho la mwezi kwa idadi ya miezi. Katika mfano wa kwanza, 113,333 mara 12 ni takribani 1,360,000. Akiondoa 970,000 alizopokea, gharama halisi ni shilingi 390,000. Iwapo jedwali la marejesho halijaambatishwa, aliombe kabla ya kusaini.

4. Kuchelewa na kulipa mapema. Mkataba ueleze adhabu inatozwa kwenye rejesho lililochelewa pekee au kwenye deni lote, na kuanzia siku ya ngapi. Ueleze pia iwapo anayemaliza deni mapema anasamehewa riba ya miezi iliyobaki. Pasipo kifungu hicho, anaweza kudaiwa riba yote.

5. Dhamana na mdhamini. Mali iliyowekwa dhamana itajwe kwa jina na namba zake za utambulisho. Nyumba ya familia haipaswi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mdhamini naye asome mkataba, kwa kuwa mkopaji akishindwa kulipa, deni humfuata yeye.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, taasisi za kukopesha zinatakiwa kuwa na leseni, hivyo mkopaji ana haki ya kuomba kuiona. Aidha, asisaini fomu yenye nafasi zilizo wazi, kwani kinachojazwa baadaye huonekana kana kwamba alikikubali. Akishasaini, aondoke na nakala kamili yenye saini za pande zote mbili. Ukitokea mgogoro, nakala hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza.