Noti fupi inayochelewa: namna ya kuisikia swingi katika jazi

Katika nyimbo za Morogoro Jazz, enzi za Mbaraka Mwinshehe, mguu ukigusa sakafu mara moja gitaa la solo huweza kuweka noti mbili, na kwa kawaida zote mbili huwa na urefu mmoja. Bendi zetu nyingi za dansi zilijiita Jazz, lakini mwendo wao ulichotwa zaidi kwenye rumba, ile ya Kuba na ile ya Kongo, ambayo haina mgawanyo wa pigo uliozoeleka katika jazi ya Wamarekani Weusi. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye dansi akiwekewa rekodi ya Count Basie au Miles Davis husikia wazi kwamba kuna kitu kinayumba humo ndani, asijue kinayumba wapi.

Kinayumba kwenye nusu ya pili ya pigo. Ukichukua karatasi ya muziki wa jazi utakuta noti mbilimbili za nusu pigo, zimeandikwa sawa kabisa. Mpigaji hazipigi hivyo. Ya kwanza anairefusha, ya pili anaichelewesha na kuifupisha, kisha anaingia pigo linalofuata. Huo mwendo wa ndefu na fupi ndio swingi, na haupo kwenye karatasi. Hujifunzwa kwa masikio.

Walimu wengi huueleza kwa theluthi. Gawa pigo moja sehemu tatu sawa. Noti ya kwanza ichukue sehemu mbili, ya pili ichukue moja. Kwa kuanzia inatosha, lakini ukiishika kama sheria utapotea, na sababu yake inaonekana kwenye hesabu ndogo. Muziki ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni milisekunde 500, na kwa kanuni ya theluthi noti fupi itakuwa kama 167. Kwa mapigo 200 kwa dakika, pigo ni milisekunde 300 na noti fupi ni 100. Sasa kimbiza muziki hadi mapigo 300, mwendo ambao wapigaji wa bibopu waliupenda. Pigo zima limebaki na milisekunde 200, na theluthi yake haifiki 70.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Uswidi, Anders Friberg na Andreas Sundström, walichapisha vipimo vya wapiga dramu mashuhuri, akiwemo Tony Williams, vilivyotolewa kwenye rekodi zenyewe. Waligundua kwamba katika mwendo wa polepole noti ndefu inaweza kuizidi fupi hata mara tatu na zaidi, yaani kuliko theluthi inavyosema. Muziki ukiongeza kasi, tofauti hiyo inapungua. Noti fupi ikishafika karibu milisekunde 100 haipungui tena kwa urahisi, hata mwendo uzidi kukazwa. Rudi kwenye yale mapigo 300: ikiwa noti fupi imekaa kwenye milisekunde 100, ndefu nayo imebakiwa na 100. Zimekuwa sawa. Kwa hiyo jazi ya kasi sana hupigwa karibu sawasawa, na mwanafunzi anayeng'ang'ania theluthi katika kasi hiyo hujikuta amekakamaa huku wenzake wakiteleza.

Wapi pa kuyasikia haya? Kwa maoni yangu hakuna pazuri kuliko So What, wimbo unaofungua albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Mwendo wake ni wa wastani, vyombo havirundikani, na kila mpigaji anasikika peke yake. Uache utangulizi wa piano na besi upite. Subiri hadi takriban dakika moja na nusu, mpiga dramu Jimmy Cobb anapolipiga toazi kwa nguvu na tarumbeta ya Davis ikaanza kuzungumza. Mlio huo mkubwa ukianza kufifia, tega sikio kwenye toazi analoendelea kuligonga kwa ncha ya kijiti. Linasema hivi, tena na tena:

tiing, ting-ka, tiing, ting-ka.

Kila tiing na kila ting ni mwanzo wa pigo. Ile "ka" ndiyo noti fupi. Sikiliza inavyokaribiana na tiing inayofuata kuliko na ting iliyoitangulia, kana kwamba inaisukuma. Chini yake Paul Chambers anatembeza besi, noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila mizani, bila papara. Besi hiyo ndiyo ya kufuata kwa mguu. Mkono nao upige kofi kwenye pigo la pili na la nne, yale mapigo ambayo mpiga dramu huyafunga kwa matoazi mawili ya kukanyaga. Ukishatulia hapo, tamka ile "ting-ka" kwa mdomo pamoja na toazi. Kisha jaribu kuitamka kwa kuigawa sawasawa, kama gitaa la dansi. Utahisi mara moja kwamba umegombana na Cobb.

Baada ya hapo hamishia sikio kwa wapiga solo. Watu wengi huishia kwenye toazi, na huo ni upungufu, kwa sababu toazi na saksafoni havigawanyi pigo kwa namna moja. Vipimo vile vya Uswidi vilionyesha kwamba wapiga solo huzipa noti zao tofauti ndogo kuliko mpiga dramu. Tena noti zao za mwanzo wa pigo huchelewa kidogo nyuma ya toazi, ilhali noti fupi huangukia pamoja nalo. Mwaka 2022 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walilijaribu jambo hilo kwa kurekebisha rekodi za piano. Wakaichelewesha noti ya mwanzo wa pigo kwa milisekunde zipatazo 30 na kuiacha ya pili mahali pake. Wanamuziki wa jazi waliosikilizishwa waliona rekodi hizo zina swingi zaidi, ingawa si rahisi kutambua kwa sikio ni nini hasa kilichobadilishwa.

Ukiwa na hilo akilini, linganisha wapiga saksafoni wawili wanaofuatana kwenye So What. John Coltrane anatangulia, na noti zake za haraka zimekaribia kuwa sawa. Cannonball Adderley anampokea, na kwa sikio langu noti zake zinadunda zaidi. Dramu na besi hazijabadilika. Ni watu wawili wanaoligawa pigo lilelile kwa hiari zao.

Kosa la wanaojifunza hujulikana upesi. Wanakaza tofauti kupita kiasi, noti fupi inakatwa, na muziki unaanza kurukaruka kama farasi. Kosa lake la pili ni kukandamiza kila noti ya mwanzo wa pigo. Wapigaji wazuri mara nyingi huitia noti ya pili msisitizo mwepesi na kuiunganisha na inayofuata, ndipo mstari mzima unatiririka. Kompyuta iliyowekwa theluthi isiyobadilika haina msisitizo huo wala ule ucheleweshaji, na hivyo husikika ikiwa imekakamaa hata kama hesabu zake ni sahihi.

Ukishaizoea So What, tafuta A Night in Tunisia, utunzi wa Dizzy Gillespie, kwa mfano ile iliyopigwa na kundi la Art Blakey mwaka 1960. Mlango wake wa kwanza una mdundo wa Kikuba, pigo limegawanywa sawa. Ukifika sehemu ya kati, dramu zinahamia kwenye swingi, kisha zinarudi. Isikilize mara ya kwanza ukifuata toazi peke yake, na mara ya pili ukifuata besi, hadi uweze kuinua kidole pale hasa mgawanyo unapobadilika.