Kwa Nini Mtoto Mchanga Haambiwi Auchape Usingizi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kulala. Mtu mzima aliyechoka huuchapa usingizi, au hulala fofofo, au hulala usingizi wa pono, yule samaki wa kwenye miamba ambaye usiku hulala asijue la ulimwengu. Mwenye mawazo hukesha bila kupata hata lepe. Mlinzi wa zamu ya alfajiri husinzia kitini, na jirani mwenye pua nzito hukoroma mpaka ukuta wa pili.

Maneno yote haya hayafiki kwenye wimbo wa mtoto. Ukimsikiliza mlezi wa Lamu, Mombasa au Unguja akimlaza mtoto wa miezi minane jioni, utasikia lala, utasikia tulia, utasikia nyamaza, ambalo kwa watu wa Lamu na Mombasa mara nyingi huwa nyamaa. Usingizi wenyewe utatajwa, lakini hautachapwa. Katika ghala lote hilo la lugha, anayeimba huchukua maneno matatu au manne tu na kuyarudia mpaka kazi iishe.

Nyimbo hizi walimu wa fasihi simulizi huziita bembezi, bembelezi au pembejezi. Mzizi ni uleule wa kubembea, na hapo pana jambo la kuangalia kabla ya maneno yenyewe: mwili hutangulia. Mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko, au begani, au juu ya miguu iliyonyooshwa mkekani, na mlezi anayumba. Maneno huja baadaye, nayo lazima yafuate mwendo huo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo lala ni neno lenye silabi moja nzito na moja nyepesi. Mlezi huinama na ile nzito na kuinuka na ile nyepesi. Tulia na nyamaza huongeza silabi moja mbele, kisha huangukia mahali palepale. Pumzika halikai vizuri hivyo. Lina silabi nne, kwa sababu ile m katikati hujitegemea, na anayejaribu kuliimba huku akiyumba hujikuta ama amelimeza ama amepitwa na mwendo.

Baada ya mwendo huja mdomo. Herufi l ni kitambaza: ulimi hugusa juu, pumzi ikapita pembeni bila kuzuiwa. Kwa m, n na ny, hewa hupitia puani na sauti huendelea kuvuma hata midomo ikifungwa. Zote hizi zinaweza kuvutwa kadiri pumzi inavyoruhusu. Mlezi akisema mmm, kifua chake hutetemeka, na mtoto aliyelazwa shavu mgongoni huupata mtetemo huo mwilini pamoja na sikioni. Vipasuo, kama p, t na k, havivutiki. Hewa huzibwa, kisha huachiwa ghafla, na kwa mtoto aliyekaribia kulala huo ni mlango unaobamizwa.

Anayetilia shaka na ayasome maneno ya kuamka: amka, zinduka, gutuka, shtuka, kurupuka. Kila moja lina k, na yote huikalia mwishoni. Hakuna aliyekaa barazani akaamua iwe hivyo. Lakini ukiyaweka kando ya lala, tulia na nyamaa, unaelewa kwa nini masikio ya mlezi huchagua upande mmoja.

Uchaguzi huo hauishii kwenye vitenzi. Mtu anayemwita mtoto wake mtoto kutwa nzima, jioni katika wimbo humwita mwana. Mtoto ana t mbili. Mwana hana kipasuo hata kimoja. Tena mwana ni neno la heshima pwani. Mshairi wa Pate aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri mnamo mwaka 1858 tunamjua kwa jina la Mwana Kupona, na hilo Mwana ni cheo cha bibi mwenye hadhi. Kitoto kinacholia kinapandishwa daraja ili kikubali kulala.

Jaribio dogo linaweza kufanywa kwa sauti, nyumbani, hata bila mtoto. Chukua mstari huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya: lala mwana, nalea. Useme polepole mara kumi huku ukiyumba. Kisha sema: kitoto, chapa usingizi. Mistari yote miwili inaomba kitu kilekile. Wa kwanza una konsonanti laini peke yake, na unaweza kuusema ukiwa nusu usingizini wewe mwenyewe. Wa pili unamlazimisha msemaji afungue na kufunga mdomo kama anayeita abiria stendi.

Hata hivyo, hoja ya sauti ina mpaka wake, na mpaka huo hauko mbali. Kwa Wakamba neno la kulala ni koma. Ndilo wanaloagana nalo usiku, na Wakikuyu wanalo pia. Mswahili akiambiwa koma huacha mara moja alilokuwa akifanya, na huenda akaangalia kama kuna fimbo. Watoto wa Machakos na Kitui wamelala kwa neno hilo vizazi na vizazi bila malalamiko. Ile k hulainishwa na ulimi wa anayeiimba, kwa kupunguza pumzi na kurefusha o.

Kuna zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watoto wachanga wa Marekani nyimbo za kulazia kutoka jamii za mbali, katika lugha wasizowahi kuzisikia. Mapigo ya moyo ya watoto yalishuka zaidi kwa nyimbo hizo kuliko kwa nyimbo nyingine kutoka jamii hizohizo. Yaani mtoto hakuhitaji kujua lala ni nini. Sauti, mwendo na namna ya kuimba vilitosha.

Basi maana ya neno inamhusu nani? Inamhusu anayeimba, na watu wazima waliomo chumbani. Ndiyo maana maneno mengine huachwa hata kama sauti yake ingevumilika. Pumzika ni neno la aliyefanya kazi, na mtoto wa miezi minane hajafanya kazi yoyote zaidi ya kuwachosha wenzake. Isitoshe, siku hizi pumzika limehamia kwenye matangazo ya vifo na salamu za rambirambi, na mzazi gani atamwimbia mwanawe pumzika kwa amani? Kimya nalo ni amri ya darasani na mkutanoni. Nyamaza lenyewe liko ukingoni. Likisemwa kavu ni karipio. Likiimbwa, likarudiwa na kufuatwa na mwanangu, ni ombi. Neno lilelile hubadilika kwa jirani lililopewa.

Sauti ya s na sh ina kisa chake, na kisa hicho kinatoka pwani hiihii. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu akina mama wa Kidigo, pwani ya Kenya. Mama humkalisha mtoto katikati ya miguu yake na kutoa sauti ya shuus mara kwa mara, mpaka mtoto akazoea kwamba sauti hiyo maana yake ni kukojoa. Watoto wengi, kabla ya kutimiza nusu mwaka, walikuwa wamekwisha kuielewa. Mlezi wa nyumba kama hiyo ana sababu nzuri ya kutomshushia mtoto sh nyingi masikioni wakati amefungwa mgongoni na mbeleko imefuliwa leo. Si sababu pekee ya bembezi kupendelea l na m, lakini ni onyo kwamba sauti ambayo sehemu nyingine humtuliza mtoto inaweza kuwa na kazi tofauti kabisa katika nyumba fulani.

Sasa turudi kwa mlezi wetu wa jioni, tumfuate mpaka mwisho, kwa sababu maneno haya hayatumiwi yote kwa pamoja. Mtoto analia. Kumwambia lala wakati huu ni kupoteza pumzi, hasikii. Mlezi huanza na nyamaza, kwa sauti inayokaribia nguvu ya kilio, na mwendo wa haraka kidogo. Hapa ndipo huingia ahadi: mama yuko njiani, maziwa yapo, baba ataleta kitu. Ni sehemu yenye maneno mengi kuliko zote. Kilio kikikatika na kubaki kwikwi, nyamaza linaachwa na tulia linashika zamu, sauti ikishuka na miguu ikipunguza mwendo. Ahadi zinakauka. Baadaye hubaki lala peke yake, kila mara likiwa refu zaidi ya lililotangulia, na mwishoni hata hilo huyeyuka likawa mmm. Mlezi mzoefu hajiulizi kama mtoto amelala, huupima uzito. Kichwa huegemea kabisa, ngumi hufunguka, pumzi inakuwa ndefu na ya usawa.

Kosa la walio wengi huja hapo. Wimbo hukatwa ghafla, mbeleko inafunguliwa, mtoto analazwa, macho yanafunguka, na kazi yote inaanza upya. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walipima mapigo ya moyo ya watoto wakati wa kubebwa na kulazwa, wakaona kinachowaamsha ni kuachana na mwili wa mama kuliko kugusa godoro. Ushauri wao ulikuwa kumbeba mtoto ukitembea kwa dakika 5, kisha kukaa naye akiwa amelala kwa dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Dakika hizo za kukaa ndizo ambazo bembezi huzijaza kwa mmm. Wimbo hauna tena neno, lakini haujaisha.

Simu haijaweza kufanya hivyo. Wazazi wengi wa mijini huweka wimbo uliorekodiwa pembeni ya kitanda, na si vibaya, mtoto anaweza kutulia. Ila wimbo huo una urefu mmoja na sauti moja. Haushuki mtoto anaposhuka, haurudi kwenye tulia akishtuka, na ukiisha hufuatwa na tangazo la sabuni kwa sauti kubwa. Anayetaka kujaribu usiku huu mwenyewe hahitaji shairi wala sauti ya kumshangaza jirani. Lala, mwana, na jina la mtoto vinamtosha. Kama jina ni Amina au Neema, ana bahati. Kama limejaa k na t, alirefushe tu, kama wafanyavyo Wakamba.