Wimbi la hezi 50 chini ya kelele

Umeme wa gridi nchini Tanzania na Kenya huzunguka mara 50 kila sekunde. Waya wake ukipita jirani na kipaza sauti au kihisi chochote, mzunguko huo hupenya kwenye rekodi, na mara nyingi hauonekani kwa sababu kelele zimeufunika. Tuchukue rekodi ya aina hiyo na tuichambue: sekunde moja, sampuli 1,000. Ndani yake mna wimbi la sini la hezi 50, linalopanda hadi 1 na kushuka hadi −1. Juu yake zimelundikwa kelele nyeupe, yaani kelele ambazo kuijua sampuli moja hakukusaidii hata kidogo kubashiri inayofuata. Mkengeuko wake sanifu ni 2.

Wahandisi hupima nguvu ya ishara kwa kuipandisha kila sampuli kipeo cha pili, kisha kutafuta wastani. Kwa kipimo hicho wimbi letu lina nguvu ya 0.5 na kelele zina nguvu ya 4, mara nane zaidi. Ukiichora rekodi nzima hutaona wimbi lolote. Utaona mistari iliyovurugika tu.

Njia ya kwanza ya kulifichua ni kuilinganisha rekodi na nafsi yake. Unachukua nakala ya rekodi, unaisogeza mbele kwa muda fulani, unazidisha kila sampuli ya asili na ile iliyoangukiana nayo, kisha unatafuta wastani wa majibu yote. Ukirudia kazi hiyo kwa kila msogeo unapata mchoro unaoitwa uwiano-nafsi.

Kwa msogeo wa sifuri kila sampuli inajizidisha yenyewe, kwa hiyo jibu ni nguvu yote: 4 na 0.5, jumla 4.5. Lakini sogeza nakala hata kwa sampuli moja tu, na sasa kelele zinazidishwa na kelele nyingine zisizohusiana nazo. Baadhi ya majibu ni chanya, baadhi ni hasi, na wastani wake unaelekea sifuri. Wimbi ndilo lisilokubali kufutika. Ukisogeza kwa milisekunde 20, ambazo ni mzunguko mmoja kamili, vilele vinakutana tena na vilele, na jibu ni 0.5. Ukisogeza kwa milisekunde 10, vilele vinakutana na mabonde, na jibu ni −0.5. Kwa hiyo mchoro mzima ni mwiba mmoja mrefu kwenye sifuri, na baada yake wimbi safi la kosini lenye kimo cha 0.5 linaloendelea mbali.

Hapo nimezungumzia wastani kamili, ambao rekodi ya sekunde moja haiwezi kuutoa. Katika sampuli 1,000 mabaki ya kelele hulitikisa jibu kwa takribani 0.15 huku na huku, kwa hiyo 0.5 yetu bado inatambulika. Tungekuwa na sampuli 100 tu, mtikiso huo ungekaribia 0.5 yenyewe na wimbi lingepotea. Kwa sampuli 10,000 unashuka hadi kama 0.05. Urefu wa rekodi ukiongezeka mara 100, mtikiso unapungua mara kumi.

Njia ya pili ni kuuliza nguvu ya rekodi imekaa kwenye masafa gani. Mchoro wake ni spektra ya nguvu. Norbert Wiener mwaka 1930, na Aleksandr Khinchin mwaka 1934 kwa upande wa mifuatano ya kubahatisha, walithibitisha kwamba njia hizi mbili ni kitu kimoja: spektra ni mgeuzo wa Fourier wa uwiano-nafsi, na ukiigeuza spektra kwa kinyume chake unarudi kwenye uwiano-nafsi. Albert Einstein alikuwa amelidokeza wazo hilo katika andiko fupi la mwaka 1914.

Kwa mfano wetu mgeuzo huo unaweza kufuatwa kwa macho. Ili kujua nguvu kwenye masafa fulani, unachukua kosini ya masafa hayo, unaizidisha na uwiano-nafsi kwenye kila msogeo, kisha unajumlisha. Jaribu hezi 63. Kosini yake na kosini ya hezi 50 zinapishana, mara zinakubaliana, mara zinapingana, na jumla inajifuta. Jaribu hezi 50: sasa zinakubaliana kila mahali, na jumla inakua kadiri unavyoongeza misogeo. Vipi ule mwiba wa kelele? Uko kwenye msogeo wa sifuri peke yake, na hapo kosini ya masafa yoyote yale ni 1. Basi mwiba unachangia kiasi kilekile kwenye kila masafa, na hiyo ndiyo sakafu bapa ya spektra. Kilichokuwa kimerundikana upande mmoja kimesambaa upande wa pili, na kilichosambaa kimerundikana.

Hesabu ya nguvu inaonyesha kwa nini wimbi dhaifu linashinda. Rekodi ya sekunde moja hutenganisha masafa kwa hatua za hezi 1, na kwa sampuli 1,000 kwa sekunde tunaona kuanzia 0 hadi hezi 500. Ni kama kugawa lita nne za maji sawasawa kwenye bakuli 500: kila moja inapata mililita 8. Kisha nusu lita nzima inamiminwa kwenye bakuli moja. Wimbi lililokuwa limezidiwa mara nane sasa limeizidi sakafu yake zaidi ya mara 60.

Ukijumlisha spektra yote lazima upate 4.5, ile thamani ya msogeo wa sifuri. Huo ndio ukaguzi wa kwanza ninaomshauri yeyote anayeandika programu ya kazi hii, kwa sababu makosa ya vigawanyo yamejaa hapo. Kosa mojawapo ni la hila. Kwa misogeo mirefu jozi za sampuli zinapungua, na mtu huona ni haki kugawanya kwa idadi ya jozi zilizobaki. Akifanya hivyo, spektra yake inaweza kutoa nguvu hasi, jambo lisilowezekana. Ukigawanya kila msogeo kwa 1,000 ileile, uwiano-nafsi wa misogeo yote hugeuka kuwa spektra ileile ambayo ungeipata moja kwa moja kutoka kwenye rekodi.

Sakafu nayo si bapa unapoipima. Hupanda na kushuka, na kati ya nafasi 500 si ajabu moja ifike mara sita ya wastani kwa bahati tu. Kurefusha rekodi hakuilainishi sakafu, kunaongeza tu idadi ya nafasi. Dawa yake ni kuikata rekodi ndefu vipande, kupata spektra ya kila kipande, kisha kuchukua wastani, ukikubali kwamba kipande kifupi kinatenganisha masafa kwa hatua pana zaidi. Wimbi la kweli litabaki kwenye hezi 50 katika kila kipande, ilhali kilele cha bahati kitahamahama.

Kelele zisipokuwa nyeupe, mfano mtetemo wa taratibu wa jengo, mwiba wa sifuri unanenepa na kumwagikia kwenye misogeo ya jirani. Hapo soma uwiano-nafsi kwenye misogeo mirefu, ambako kelele hizo zimekwisha kufifia lakini wimbi bado lipo. Na kama unataka kulitoa wimbi lenyewe kwenye rekodi, michoro hii miwili haitoshi. Kimo inakupa na masafa inakupa, lakini kuzidisha rekodi na nafsi yake kumefuta habari ya wimbi lilianza wapi. Mawimbi mawili ya hezi 50, moja likianzia kileleni na jingine bondeni, yana uwiano-nafsi uleule na spektra ileile. Habari hiyo imebaki kwenye rekodi ya asili, na ni huko unakorudi kuitafuta ukishajua ni masafa gani unayoyawinda.